Umejuaje? Siku nilizokaa na mtunza ghala juu ya hati yake ya kiapo

Miaka kadhaa nyuma, katika kazi yangu ya uwakili, niliandika hati ya kiapo ya dereva mmoja kwa Kiingereza safi, nikampa kalamu, akasaini. Aya ya sita ilisema kwamba alishuhudia mzigo ukipimwa. Upande wa pili ukaomba aitwe kuhojiwa, na sheria inaruhusu hilo, kwa sababu hati ya kiapo ni ushahidi kama ule wa mdomo, tofauti yake ni kwamba umeandikwa. Alipoulizwa kwa Kiswahili alisimama wapi wakati wa kupima, akajibu kwa utulivu kabisa kuwa yeye siku ile alikuwa amelala kwenye gari, habari za mizani alisimuliwa. Hakuwa mwongo. Mimi ndiye niliyegeuza "waliniambia" yake kuwa "nilishuhudia", na yeye alisaini karatasi asiyoielewa. Maombi yetu yaliishia pale.

Tangu siku hiyo shahidi wangu hasaini kitu kabla hatujakaa na kukipitia neno kwa neno kwa lugha yake. Nieleze jinsi tulivyofanya na mzee mmoja mtunza ghala wa Tandale, maana maswali yake yalinifundisha mengi kuhusu maneno ambayo mimi nilikuwa nayaandika kwa mazoea.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Tajiri wake alinunua mchele kutoka Mbeya, magunia 300 ya kilo 100, kila gunia shilingi 280,000, jumla shilingi milioni 84. Akaandika hundi ya tarehe ya mbele. Semi ilipofika Tandale ikashusha magunia 288, na kati ya hayo 41 yalikuwa yameloa. Tajiri akaenda benki kuisimamisha hundi. Muuzaji hakungoja mazungumzo, akafungua shauri la muhtasari katika Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu akidai fedha zote za hundi. Katika shauri la namna hiyo mdaiwa hana haki ya kujitetea moja kwa moja. Lazima kwanza aombe ruhusa ndani ya siku 21, na ruhusa hiyo inaombwa kwa hati za kiapo zinazoonyesha kuna jambo la kweli la kubishaniwa. Tajiri hakuwepo ghalani siku ya kushusha. Aliyekuwepo ni mzee.

Tangu mwaka 2021 sheria imeitaja Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, lakini mafaili ya biashara yanayopita mezani kwangu mengi bado ni ya Kiingereza, na shauri hili lilikuwa hivyo. Kwa hiyo nilikuwa na rasimu ya Kiingereza, na mbele yangu mzee wa miaka sitini na kitu aliyesoma madrasa na shule ya msingi, anayeijua hesabu ya magunia kuliko mtu yeyote katika kesi hiyo.

Kabla hata sijafungua karatasi akaniambia, "Mwanangu, mimi kula yamini kwa ajili ya mchele wa watu naogopa."

Hofu hiyo sikuidharau. Kwa wazee wetu kiapo ni jambo zito. Watu wamegombana vizazi viwili kwa sababu mmoja alishika msahafu kwa uongo. Nikamweleza kuwa hati ya kiapo huanza na sentensi ya kumtambulisha mtu: jina lake, kuwa ni mtu mzima, dini yake na anapoishi. Dini haikuwekwa pale kwa udadisi. Sheria yetu ya viapo inatenganisha: Mkristo anaapa, na asiye Mkristo anathibitisha. Karani wangu alikuwa ametumia fomu ya shahidi mwingine, na sentensi ya kwanza ilisomeka kwamba mzee "anaapa". Nikaifuta mbele yake, tukaandika: "Mimi, mtu mzima, Mwislamu na mkazi wa Dar es Salaam, ninathibitisha kwa dhati na kueleza kama ifuatavyo." Akapumua. Kisha akauliza swali ambalo wengi hawaulizi: "Kwa hiyo hiyo ni nyepesi kidogo?" Hapana, baba. Uzito ni ule ule. Anayesema uongo baada ya kuthibitisha anashtakiwa sawasawa na aliyeapa.

Juu ya sentensi hiyo kuna kichwa: jina la mahakama, masjala, namba ya shauri, majina ya wadaawa, na maneno yanayosema hati hii ni ya nani na inaunga mkono maombi gani. Hapo hatukukaa. Nilimwonyesha tu kwamba yeye si mdaiwa wala mdai, jina lake liko chini kama mtoa kiapo, maana alikuwa ameingiwa na wasiwasi kuona neno "mdaiwa" kwenye karatasi yenye jina lake.

Aya ya kwanza ndiyo iliyotuchukua muda. Kwa Kiswahili inasema, na mwombaji humo ni yule tajiri: "Kwamba, mimi ni mtunza ghala wa mwombaji, na kwa nafasi hiyo ninayafahamu vyema mambo ninayoyatolea kiapo." Kila aya ya hati ya kiapo huanza na "Kwamba". Mzee akauliza kwa nini. Nikamwambia aisome kila aya kama mwendelezo wa sentensi ile ya juu: ninathibitisha kwamba hili, kwamba lile. Neno hilo dogo linarudisha kiapo mwanzoni mwa kila aya, hivyo hakuna aya inayoweza kuchukuliwa kama hadithi ya kando.

Kisha nikamuuliza: kwa nafasi yako unayafahamu mambo gani? Akaanza kunisimulia yote. Lori lilichelewa, lilinyeshewa njiani maeneo ya Mikumi kwa kuwa turubai lilichanika, muuzaji ni tapeli anayejulikana, tajiri akaenda benki, na kwa haki kabisa muuzaji hastahili hata senti. Nikayaandika yote kwenye karatasi ya pembeni, na pembeni ya kila jambo nikaandika swali moja: umejuaje?

Swali hilo silo langu. Ni Amri ya XIX, kanuni ya 3, ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Hati ya kiapo ifungwe kwenye mambo ambayo mtoa kiapo anaweza kuyathibitisha kwa ujuzi wake mwenyewe; katika maombi madogo yaliyo ndani ya kesi anaweza kueleza pia anayoyaamini, mradi ataje msingi wa imani hiyo. Na mahakama za Afrika Mashariki zimekuwa zikirudia, tangu uamuzi wa Uganda wa 1966 katika shauri la Matovu, kwamba hati ya kiapo ibebe mambo yaliyotokea tu. Hoja za kisheria, maombi na hitimisho havina nafasi humo.

Tukachuja. Kuhesabu magunia: alihesabu mwenyewe mlangoni, kila gunia likipita anachora mstari kwenye daftari la ghala, mistari mitano fungu moja. Linaingia. Magunia kuloa: aliyashika, akayatenga upande wa kushoto wa ghala, akayahesabu. Linaingia. Tajiri kwenda benki: aliambiwa na tajiri. Linatoka, tajiri ataliapia mwenyewe katika hati yake. Muuzaji tapeli: hiyo ni hukumu, na anayehukumu ni jaji. Linatoka. Kutostahili kulipwa: hilo ni ombi na hoja, kazi yangu mimi siku ya kusikilizwa. Linatoka. Mzee hakufurahi kuona tapeli akiondoka, lakini alilielewa haraka kuliko mawakili wachanga niliowahi kuwafundisha. Alisema, "Kwa hiyo mimi niseme ya mkono na jicho." Hasa.

Katika rasimu ile ile kulikuwa na aya iliyoanza: "Kwamba, nimeshauriwa na wakili, na ushauri huo ninauamini kuwa wa kweli, kuwa hundi isiyo na malipo halisi nyuma yake..." Maneno haya ya kushauriwa na wakili utayakuta kwenye hati nyingi. Yana kazi yake kwa mdaiwa mwenyewe anayeeleza kwa nini alichukua hatua fulani. Kwa mtunza ghala hayana kazi. Sikuwa nimemshauri lolote kuhusu hundi, na kama angeulizwa ushauri huo ulitolewa lini, angejibu ukweli. Nikaifuta aya nzima.

Likabaki jambo la mvua ya Mikumi. Mzee hakuwa Mikumi. Alisimuliwa na utingo wa lile semi wakati wanashusha. Hapa lugha ya hati inabadilika, na nilimtaka alione badiliko hilo kwa macho yake. Aya ya mambo aliyoyaona inasema "Kwamba, nilihesabu." Aya ya jambo aliloambiwa inasema "Kwamba, niliarifiwa na utingo wa gari hilo, siku hiyo hiyo hapo ghalani, habari ambayo ninaiamini kuwa ya kweli, kwamba turubai lilichanika." Lazima aliyemwarifu atajwe. Mahakama ya Rufani ilishasema katika shauri la Salima Vuai Foum, lililochapwa katika ripoti za 1995, kuwa hati inayotokana na taarifa isifanyiwe kazi kama chanzo cha taarifa hakikutajwa. Na hata ukimtaja, ni bora naye aape mwenyewe, la sivyo wapinzani watasema ni habari za kusikia. Tulimtafuta yule utingo siku nne. Alikuwa ameshahamia gari jingine, simu haipatikani. Siku 21 zilikuwa zinakwisha. Nikaiacha aya ikiwa na jina lake, nikijua udhaifu wake.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mzee hakunisimulia. Nililiona mimi kwenye nakala ya hati ya kupokelea mzigo, ile ambayo ghalani wote wanaiita dilivari. Chini kulikuwa na saini yake, na juu ya saini maneno ya Kiingereza yaliyopigwa chapa tayari, kwamba mzigo umepokelewa kamili na katika hali nzuri. Nilipomwonyesha akanyamaza kidogo. Kisha akasema dereva alikuwa na haraka, alimpa kitabu asaini kabla ya kuanza kushusha ili geti la soko lisifungwe, na yeye hakujua maneno yale yanasema nini. Baada ya kuhesabu aliandika kwenye daftari lake la ghala: 288, yaliyoloa 41, na dereva akaweka saini yake hapo.

Tajiri alitaka jambo hilo lisiguswe. Nilikataa, na hapa ndipo ninapoona mawakili wengi wanawaponza mashahidi. Muuzaji anayo nakala ya dilivari. Ataiambatisha kwenye kiapo kinzani chake, na jaji akiiona huko kwa mara ya kwanza, hesabu yote ya mzee inageuka maneno ya mtu aliyeficha. Tukaandika aya nzima kwa ajili ya hiyo saini: kwamba aliweka saini kabla ya mzigo kushushwa, kwamba maneno yaliyochapwa ni ya Kiingereza ambacho hakisomi, kwamba baada ya kuhesabu aliandika idadi kwenye daftari na dereva akasaini mbele yake.

Ukurasa wa daftari ukawa kiambatisho. Maneno yake rasmi kwa Kiswahili ni haya: "Nakala ya ukurasa huo imeambatishwa hapa na kuwekewa alama TG-1, na ninaomba idhini ya Mahakama ihesabiwe kuwa sehemu ya hati hii ya kiapo." Mzee aliposikia "ninaomba" alisema, si ulisema maombi hayaingii humu? Alikuwa amesikiliza vizuri. Nikamweleza kuwa hapa haombi ushindi, anaomba karatasi isomwe pamoja na maneno yake. Kiambatisho kikikaa nyuma bila kutajwa katika aya kinakuwa karatasi isiyo na mwenyewe. Na alama iliyo kwenye aya lazima ndiyo iliyo juu ya karatasi. Nimewahi kuona aya ikitaja kiambatisho cha kwanza na nyuma kukiwa kimeandikwa cha tatu.

Baada ya aya zote huja sehemu ya uthibitisho, yaani mtoa kiapo anapitia tena aya zake kwa namba na kusema kila moja ameijuaje. Yetu ilisema: "Yote niliyoeleza katika aya ya 1 hadi ya 8 ni kweli kwa kadiri ya ufahamu wangu, na yaliyoelezwa katika aya ya 9 ni kweli kwa taarifa niliyopewa na utingo niliyemtaja, ambayo ninaiamini."

Mzee akaiendea ile "kwa kadiri ya ufahamu wangu" na kusema, "Basi hapo nimesalimika. Nikikosea, nilisema ni ninavyofahamu tu."

Hapo nikaweka kalamu chini. Kwa Kiswahili cha kila siku yuko sahihi. Ukimuuliza mtu kama fulani yuko nyumbani, akajibu "ninavyofahamu mimi, yupo", maana yake hana hakika. Neno hilo mtaani ni mlango wa kutokea. Katika hati ya kiapo maana yake imegeuka kinyume: ni kusema jambo hili nimelijua mwenyewe, kwa kuwepo kwangu, sikulipata kwa mtu. Lenye shaka ni lile la pili, "ninaloamini". Nilikuwa nimeyatafsiri maneno hayo kwa mashahidi wangu miaka yote bila kugundua kuwa wanayasikia kama kinga. Nikamwambia baba, soma hivi: aya ya 1 hadi ya 8 niliona, nilishika, nilihesabu, aya ya 9 niliambiwa. Akarudi nyuma mwenyewe, akaanza kuzipitia tena moja moja kwa kidole.

Alipofika aya ya 5 akasimama. Aya ilisema gari lilifika saa 10 alasiri. "Hapa sikuangalia saa. Najua ilikuwa baada ya swala ya alasiri, maana nilitoka msikitini nikalikuta getini." Tukaandika hivyo hivyo. Saa 10 ingeonekana ya uhakika zaidi, na ingevunjwa na kumbukumbu yoyote ya mlinzi wa soko.

Kwa kuwa hati ilikuwa ya Kiingereza, tukaongeza maelezo kwamba imesomwa na kufafanuliwa kwa mtoa kiapo kwa Kiswahili, naye ameonekana kuielewa, na karani wangu aliyemsomea akaweka jina na saini yake. Karani, si mimi. Kama kesho swali lingekuwa alisomewa nini, nisingetaka kuwa wakili na shahidi kwa wakati mmoja.

Mzee akataka kusaini pale pale. Nikamzuia. Saini inawekwa mbele ya Kamishna wa Viapo, na kamishna huyo hawezi kuwa mimi, kwa sababu Sheria inayowahusu makamishna wa viapo, Sura ya 12, inamkataza kumwapisha mtu katika shauri ambalo yeye ni wakili wa upande wowote. Tukavuka barabara hadi ofisi ya wakili mwingine. Huko ndiko inakojazwa sehemu ya mwisho, tunayoiita jurati: "Imethibitishwa hapa Dar es Salaam, leo tarehe fulani, na mtajwa, ambaye ametambulishwa kwangu na fulani, ambaye ninamfahamu mimi binafsi." Fomu nyingi zina maneno mawili kwa pamoja, "ninayemfahamu" na "aliyetambulishwa kwangu", ili mtu akate lisilohusika. Asipokata, kamishna anakuwa amesema anamjua na hamjui mtu yule yule. Kamishna alikuwa hamjui mzee, kwa hiyo karani wangu, anayefahamika kwake, ndiye aliyemtambulisha.

Mzee akaniuliza njiani kwa nini mji uandikwe wakati kila mtu anajua tuko Dar. Kwa sababu sheria hiyo inamtaka kamishna ataje mahali na tarehe, na katika shauri la Shapriya la 2002 Mahakama ya Rufani iliona hati isiyotaja mahali ilipoapiwa ni mbovu. Tangu 2018 sheria inawahimiza majaji kutazama haki kuliko ufundi, na kasoro za uthibitisho nyakati nyingine zinaruhusiwa kurekebishwa. Mimi siwezi kumwachia shahidi aingie mahakamani akitegemea huruma hiyo, hasa pale siku 21 zikiwa zimekwisha.

Kamishna alifanya kazi yake vizuri. Alimuuliza mzee kwa Kiswahili karatasi hii inasema nini, mzee akajibu bila kutazama karatasi: magunia 288, yaliyoloa 41, saini ya dilivari niliweka kabla, mambo ya turubai niliambiwa. Kisha akasaini, kila ukurasa.

Kiapo kinzani cha muuzaji kilikuja na dilivari, kama nilivyotarajia, na wakili wao akajenga hoja yote juu ya ile saini. Jaji akamwelekeza asome aya yetu iliyoielezea tayari. Kuhusu aya ya 9 walishinda: ilionekana ni habari ya kusikia kwa kuwa utingo hakuapa, ikaondolewa, na jaji akasema zilizobaki zinajitosheleza. Ruhusa ya kujitetea ikatolewa.

Nilimpigia mzee jioni ile kumweleza. Aliuliza kwanza ni ipi iliyoondolewa, nikamwambia ya turubai. "Hiyo sawa," alisema, "Mikumi mimi sikuwepo."